Ujumbe wa kutafuta msimamizi wa shamba: kisa cha ajira mbili katika shamba la viazi na parachichi mkoani Iringa

Mwenye shamba ameruhusu kisa hiki kiandikwe, ila majina, kata na namba za simu vimeondolewa, na baadhi ya mambo yasiyobadilisha maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Wasimamizi wote wawili nimezungumza nao. Wa kwanza hakuwa na hamu sana ya kuongea mwanzoni, na ukisoma utaona kwa nini.

Usuli

Shamba lina ekari 18 na liko upande wa baridi wa mkoa wa Iringa, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka barabara ya lami. Ekari 6 zina parachichi aina ya Hass zilizopandwa kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, yaani miti themanini na kidogo kwa kila ekari. Miti ilikuwa na miaka mitatu na ndiyo kwanza ilianza kuonyesha matunda. Ekari 4 hulimwa viazi mviringo vya mvua, vinavyopandwa Novemba. Zilizobaki ni mahindi, maharage na kipande cha bonde. Kwa wakati huo viazi ndivyo vilivyolipa vibarua, mbolea na kila kitu, huku parachichi zikisubiriwa.

Mwenye shamba ameajiriwa Dar es Salaam. Hufika shambani mara moja kila baada ya mwezi au mwezi na nusu. Miaka ya mwanzo shamba lilikuwa mikononi mwa shemeji yake, naye alipopata shughuli yake mwenyewe mjini Mafinga akaaga. Ndipo ikabidi kutafuta mtu wa kuajiriwa.

Inafaa kueleza kwanza kazi yenyewe ni ipi, maana jina la "msimamizi" huwadanganya wengi. Katika shamba la ukubwa huu msimamizi si bwana shamba wa kupita na kutoa ushauri, wala si nyapara wa kusimama na fimbo. Anaamka alfajiri kugawa kazi, anapima mbolea na dawa, mara nyingi anabeba bomba la mgongoni yeye mwenyewe, anaandika daftari, anashika ufunguo wa stoo, na jioni anampigia mwenye shamba kumweleza siku ilivyokwenda. Usiku yupo hapo hapo. Akiwa hana mahali pa kulala pazuri, kazi ya asubuhi huanza kulegea bila mtu yeyote kutangaza.

Ujumbe wa kwanza

Ulitumwa mwanzoni mwa Oktoba kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima, ukasomeka hivi:

> NAFASI YA KAZI. Anahitajika msimamizi wa shamba mwenye uzoefu, mchapakazi, mwaminifu na mcha Mungu. Shamba lipo Iringa. Malazi yapo. Mshahara mzuri, maelewano. Piga simu namba hii...

Nilimuuliza kwa nini hakutaja mshahara. Alikuwa na sababu mbili. Aliogopa kwamba akitaja kiwango, wasimamizi wa mashamba ya jirani wangekwenda kwa mabosi wao kudai nyongeza, naye angeonekana mharibifu wa soko. Pia alitaka nafasi ya kupunguza: akimpata mtu wa laki mbili na nusu, kwa nini ampe laki tatu na nusu? Kuhusu neno "uzoefu", alidhani linajieleza. Na "malazi yapo" aliliandika kwa sababu chumba kilikuwepo kweli.

Kilichotokea

Simu zilianza jioni ile ile na hazikukoma kwa wiki mbili. Ujumbe ulisambazwa hadi Songea na Morogoro. Wengi walikuwa vijana ambao hawajawahi kulima viazi, na karibu wote waliuliza maswali matatu kwa mpangilio ule ule: shamba liko sehemu gani hasa, mshahara ni shilingi ngapi, na nyumba ni ya mtu mmoja au ya familia. Kwa kuwa alikuwa akijibu katikati ya kazi zake, alitoa majibu tofauti. Mmoja aliambiwa 250,000, mwingine 350,000. Wawili kati yao walifahamiana, wakalinganisha, na mmoja akampigia tena kumwambia, "Mzee, mbona bei yako inapanda na kushuka kama ya nyanya?"

Hao wenye uzoefu wa kweli, ambao yeye aliwataka, wengi hawakupiga kabisa. Nilimpata mmoja wao baadaye, mwanamume aliyesimamia mashamba ya viazi kwa miaka mingi upande wa Njombe. Ujumbe aliuona. Hakupiga kwa sababu tangazo lisilotaja mahali wala kiwango linafanana na yale ya matapeli wanaokuita halafu wanakuomba hela ya "fomu" au "usajili". Isitoshe, Oktoba alikuwa tayari ameshakubaliana na tajiri wake msimu unaofuata.

Aliyechaguliwa alikuwa kijana wa Mbeya mwenye stashahada ya kilimo, mzungumzaji mzuri, mwenye "uzoefu wa miaka minne". Uzoefu huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa kuuza katika duka la pembejeo na kusimamia vishamba darasa vya kampuni ya mbegu. Dawa alizijua kwa majina na bei. Kukaa na vibarua kumi na watano kwenye tope kuanzia kupanda hadi kuvuna hakuwahi. Mwenye shamba hakuuliza, naye hakuona sababu ya kujitolea kueleza. Walikubaliana kwa simu 350,000 kwa mwezi. Alipouliza kuhusu nyumba alijibiwa, "Nyumba ipo, usijali." Hakuna kilichoandikwa.

Alifika katikati ya Novemba na mke wake na mtoto wa miaka miwili. Jirani aliyewapokea ananiambia kwamba mke alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akavuta pumzi, halafu akarudi nje bila kusema neno. Jengo lilikuwa la vyumba vitatu chini ya paa moja, na kuta za ndani hazikufika juu. Chumba cha kwanza kilikuwa na mifuko ya mbolea, cha pili madumu na pakiti za viuatilifu pamoja na mabomba ya kupulizia, cha tatu ndicho "malazi". Choo kilikuwa kile kile cha vibarua. Maji yalichotwa mtoni. Simu ilishika mtandao ukisimama karibu na mwembe wa juu, si nyumbani.

Halafu kulikuwa na suala la chakula. Yeye alielewa kwamba malazi yanakwenda na chakula, kama alivyozoea kwa wenzake waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa. Mwenye shamba hakuwahi kufikiria hivyo. Wiki ya kwanza walikula mahindi ya stoo, na hilo nalo likaja kuhesabiwa.

Mambo yaliharibika kwa mpangilio huu. Mwisho wa Novemba mwenye shamba alituma kwa mkupuo mmoja, kwenye namba ya simu ya msimamizi, mshahara wake pamoja na fedha za vibarua. Makato ya kutolea yakala sehemu ya mshahara, na siku tatu baadaye hakuna aliyeweza kusema shilingi ipi ni ya nani. Desemba bomba moja lilivunjika mpini na jingine halikuonekana. Mwenye shamba akakata 60,000 kwenye mshahara na kumjulisha kwa ujumbe mfupi. Wiki iliyofuata mtoto alikuwa akikohoa usiku kucha, kijana akaondoka kuirudisha familia Mbeya. Alikaa siku nane.

Siku hizo nane ziliangukia pabaya. Mvua za manyunyu, ukungu wa asubuhi na baridi ndivyo vinavyopendwa na bakajani chelewa, ugonjwa ambao wengi huuita ukungu tu. Dawa za kuzuia, zile za kubaki juu ya jani, zinafanya kazi zikiwa zimetangulia kufika kabla ya ugonjwa. Katika hali ile zinapigwa kila baada ya siku saba hivi, na mvua kubwa ikinyesha mapema baada ya kupiga inabidi kurudia. Vibarua hawakuwa na ufunguo wa stoo. Aliporudi, majani ya chini yalikuwa na madoa meusi yenye utando mweupe kwa chini, na alipopiga dawa ilikuwa ni kukimbizana na moto. Ekari moja na nusu haikuvunwa kitu cha maana.

Mwishoni mwa Januari aliweka ufunguo kwa mtendaji wa kijiji na kuondoka. Wiki mbili baadaye alipiga simu kudai mshahara wa Januari, zile 60,000, na nauli ya kurudi kwao. Mwenye shamba alikasirika sana kuhusu nauli. Mtu ameniharibia viazi, nimlipie na basi? Mtendaji aliwasikiliza wote wawili kwa simu, na mwisho kijana alilipwa mshahara wa siku alizofanya kazi, makato akarudishiwa, na nauli ikatolewa.

Uamuzi wa kuandika upya

Kuanzia Februari jirani alisaidia kuangalia shamba kwa posho. Mwenye shamba alitaka kutuma tena ule ujumbe wa kwanza siku hiyo hiyo, akiongeza tu maneno "asiye na familia". Hapo ndipo nilipoombwa ushauri, na jambo la kwanza tulilobishana lilikuwa hilo. Kumkataa mtu kwa sababu ya ndoa au majukumu ya familia kunagusa katazo la ubaguzi lililomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hata ukiiweka sheria pembeni, mtu mwenye uzoefu wa misimu kadhaa kwa kawaida ana umri wa kuwa na familia. Ukimtaka bila familia unajichagulia kijana asiye na kinachomshikilia, ambaye akipata mahali pazuri zaidi ataondoka na begi lake moja.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza haukuhusu maneno ya ujumbe hata kidogo. Ulihusu jengo. Viuatilifu na mabomba vilihamishiwa kwenye kibanda kipya cha mabati chenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na nyumba na mbali na maji. Mbolea nayo ikapata chumba upande wa pili wa ua. Vyumba viwili kati ya vile vitatu vilisafishwa, kuta zikapandishwa hadi kwenye paa, sakafu ikapigwa saruji upya, jiko likajengwa, na choo na bafu vya peke yake vikachimbwa. Maji yalivutwa kwa mpira kutoka kwenye tangi la kumwagilia parachichi. Ilimgharimu kiasi ambacho hakukipenda, lakini alipokilinganisha na ekari moja na nusu ya viazi alinyamaza.

Uamuzi wa pili ulikuwa wakati. Ujumbe ulisubiri hadi Julai. Msimamizi mzuri wa viazi Oktoba ameshafungwa na mtu, na kati ya Novemba na Aprili yupo katikati ya kazi. Juni na Julai ndipo hesabu za msimu zimefungwa, wengine wamekosana na mabosi wao, wengine wanataka kusogea karibu na nyumbani. Pia Julai ni kiangazi, parachichi changa zinahitaji maji, na msimamizi mpya anapata miezi ya kulizoea shamba kabla ya mvua.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mshahara. Aliamua 420,000 kabla ya makato, akataka hesabu iwe wazi kwa pande zote. Mchango wa mfanyakazi NSSF ni asilimia 10, yaani 42,000. Kinachobaki, 378,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara: 270,000 za kwanza hazitozwi, na 108,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 8,640. Mkononi inabaki 369,360. Kwa upande wake mwenye shamba anaongeza mchango wake wa NSSF 42,000 na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 2,100, hivyo gharama ya kweli kwa mwezi ni 464,100. Hesabu hii ni ya fedha taslimu tu. Nyumba inayotolewa na mwajiri ina kanuni yake ya kuthaminiwa kwenye kodi ya mapato, na hilo alimwachia mhasibu.

Ujumbe wa pili ukatoka hivi, nami nimeondoa tu majina ya mahali:

> ANAHITAJIKA MSIMAMIZI WA SHAMBA (mwanamke au mwanamume)
>
> Shamba la ekari 18 la viazi mviringo na parachichi, mkoa wa Iringa, wilaya ya ..., kata ya ... Kutoka lami ni saa moja kwa bodaboda.
>
> Uzoefu: awe amesimamia viazi vya mvua misimu miwili au zaidi, kuanzia kupanda hadi kuvuna, na kuongoza vibarua wasiopungua 10. Ajue kupima dawa na kuandika daftari la kazi na la stoo. Cheti cha kilimo ni nyongeza, si sharti.
>
> Makazi: nyumba ya vyumba viwili na jiko, choo na bafu vyake, inatosha familia. Maji yapo uani. Umeme hakuna, taa za sola zipo. Nyumba hailipiwi. Chakula ni juu yake mwenyewe. Atapewa robo ekari alime mboga zake.
>
> Mshahara: Sh 420,000 kwa mwezi kabla ya makato ya NSSF na kodi, mkononi takriban Sh 369,000, kila tarehe 28. Majaribio miezi mitatu kwa mshahara huo huo. Mkataba ni wa maandishi.
>
> Usipige. Tuma ujumbe ukitaja shamba ulilosimamia mwisho, zao, msimu, na mtu mmoja tunayeweza kumuuliza. Mwisho Julai 20. Mwombaji halipi chochote.

Usaili

Maombi yalikuja 19. Kati ya hayo, 11 hayakutaja shamba wala msimu, na yaliwekwa kando bila majadiliano. Watatu waliitwa shambani, kila mmoja akarudishiwa nauli.

Usaili haukufanyika mezani. Kila mmoja alipewa bomba la lita 16 na pakiti ya dawa ya ukungu ambayo lebo yake inasema gramu 50 kwa lita 20, akaulizwa bomba hilo linahitaji kiasi gani na ekari itakula mabomba mangapi. Sehemu ya kwanza ni hesabu tu, gramu 40. Sehemu ya pili haina jibu la kichwani, maana inategemea mwendo wa anayepiga, pua ya bomba na ukubwa wa majani. Wa kwanza alijibu haraka kwamba hutia vizibo viwili na ekari hula "kama mabomba kumi na mawili". Wa pili alipatia gramu 40 lakini akataja mabomba ya ekari kwa kukariri.

Wa tatu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, aliyemaliza kidato cha nne na kufanya kazi misimu mitano kwenye shamba la mbegu za viazi upande wa Njombe. Aliomba kamba. Akapima mita 10 kwa 10, akajaza bomba maji matupu, akatembea mistari kwa mwendo wake wa kawaida, kisha akapima maji yaliyobaki. Yalikuwa yametumika lita 4. "Ekari ni kama mara arobaini ya hapa," alisema, "kwa hiyo lita mia na sitini, mabomba kumi. Lakini viazi vikifunga mistari tupime tena, vitakula zaidi."

Mwenye shamba alisita hata hivyo. Alihofu vibarua wanaume wasingemsikiliza. Tulimpigia yule mtu aliyetajwa kwenye maombi, na jibu lake lilikuwa fupi: kule alikotoka aliongoza watu ishirini wakati wa kuvuna na daftari lake halikuwahi kupishana na stoo. Aliajiriwa Agosti.

Matokeo

Ninapoandika hivi amemaliza msimu wake wa kwanza na ameanza wa pili. Ratiba ya dawa ya msimu ule imeandikwa kwenye daftari kwa tarehe, hali ya hewa na idadi ya mabomba, na mara mbili ameandika "imenyesha, tumerudia". Ukungu uliingia kona moja ya bondeni na haukuvuka. Fedha za vibarua zinatumwa kwenye laini ya simu ya shamba, mshahara kwenye namba yake, na mwenye shamba hulipa makato ya kutolea yote mawili.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Ana watoto wawili wa shule ya msingi, na shule iko mbali kiasi cha kilomita tano. Ujumbe haukulitaja hilo, naye siku ya usaili alidhani majengo aliyoyaona njiani ndiyo shule. Kumbe yalikuwa ya zahanati. Mtoto mdogo sasa anaishi kwa bibi yake wakati wa masomo, na mama husafiri kwenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Mwenye shamba alikubali siku mbili hizo bila kuzikata. Mtandao wa simu nao haukutajwa, na bado wanatumia ule mwembe.

Uchambuzi

Nikiulizwa ni nini hasa kilichotenganisha ajira hizi mbili, nitataja nyumba kwanza, halafu wakati, na mshahara baada ya hapo. Tofauti ya mshahara mkononi kati ya kijana na mama ni ndogo sana. Kijana aliahidiwa 350,000 bila makato yoyote, mama anapata 369,360. Elfu kumi na tisa haziwezi kueleza ekari moja na nusu ya viazi. Kilichomtoa kijana shambani kwenye wiki mbaya ni mtoto anayelala ukuta mmoja na viuatilifu. Mwenye shamba angelijua hilo mapema kama angesikiliza maswali ya waliompigia: waombaji wenyewe walikuwa wanamwambia ujumbe wake umekosa nini, mara kadhaa kwa siku.

Neno "uzoefu wa miaka minne" lilipita kwa sababu miaka haisemi mtu alikuwa anafanya nini ndani yake. Kutaja zao, msimu na kazi kuliwachuja watu kabla ya kufika. Maombi 11 yalijiondoa yenyewe kwa kushindwa kujibu swali dogo la "shamba gani, msimu gani". Ila tahadhari: kipimo hiki kingemkosesha nafasi kijana wa kwanza kihalali, na si kwamba hakuwa na uwezo. Shamba lenye mtu mzima wa kumwelekeza lingeweza kumchukua kama msaidizi na kumfundisha. Hili halikuwa na mtu huyo.

Kuhusu makato ya 60,000, kiasi chenyewe hakikuzidi mpaka. Sheria inaruhusu kukata kufidia hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi, mradi jumla isizidi robo ya mshahara wake wa fedha, na robo ya 350,000 ni 87,500. Tatizo lilikuwa utaratibu. Mfanyakazi hana budi kukubali deni kwa maandishi, baada ya kuelezwa kwa maandishi hasara ilitokeaje na imehesabiwaje, na kupewa nafasi ya kupinga. Ujumbe mfupi wa "nimekata bomba" haufikii hapo. Tena hakukuwa na daftari la makabidhiano kuonyesha alipokea mabomba mangapi, kwa hiyo hata Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwajiri angekwenda mikono mitupu.

Nauli ndiyo iliyomuuma mwenye shamba kuliko vyote, na ndiyo ambayo waajiri wengi wa mashamba huku hawaijui. Mkataba ukiisha mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake, au kulipia usafiri, au kumpa posho ya usafiri hadi alikoajiriwa. Ndiyo sababu sheria hiyo hiyo inataka maelezo ya ajira yaliyoandikwa yataje mahali mtu alipoajiriwa, pamoja na mshahara na manufaa yasiyo ya fedha, nyumba ikiwemo. Mkataba wa mama umeandikwa "ameajiriwa kutoka Njombe", na nauli ya Njombe imeshawekwa kwenye bajeti. Umeandikwa pia kwamba notisi ni siku 28, na ajira ikiisha ana siku 14 za kuhama nyumba. Hicho kipengele cha mwisho alikiomba mwenyewe. Kule alikotoka aliwahi kuona familia ikitolewa vyombo nje siku ile ile.

Ujumbe wa pili ulishindwa mahali ambapo mwandishi wake hakuishi. Mwenye shamba hana mtoto wa kupeleka shule kijijini, kwa hiyo shule haikumjia kichwani. Dawa ya hilo ilikuwa rahisi: kumpa msimamizi aliyepo, au jirani, ausome kabla haujatumwa. Jirani yule angeona shule na mtandao kwa dakika moja.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwa kwenye ujumbe wowote. Wakati wa kuvuna mwenye shamba alisema kwa furaha, "Mavuno yakiwa mazuri tutaangaliana." Mavuno yakawa mazuri. Mama akasubiri kuangaliwa, mwenye shamba akampa khanga na 50,000, na kwa wiki kadhaa ripoti za jioni zikawa fupi. Walipokaa kuongea, yeye hakudai kiasi, alidai kipimo. Sasa mkataba una sentensi mpya: kila gunia linalozidi 60 kwa ekari atalipwa 2,000, gunia likiwa la kilo 100 lililopimwa kwa mizani na si lumbesa, na hesabu inafanywa na wote wawili siku ya kupakia. Mizani bado haijanunuliwa, na viazi vinavunwa Machi.